Ndizi nyama usiitoe kwanza: hesabu ya vyakula nane vya mgahawa wa Mwanjelwa

Swali: Shikamoo kaka. Nina mgahawa Mwanjelwa hapa Mbeya, wafanyakazi watano. Mchana watu wanajaa ila mwisho wa mwezi hela siioni. Mwezi uliopita siku 26 nimeuza sahani 2,000: wali maharage (2,000) sahani 520, wali nyama (3,500) 430, chipsi mayai (3,000) 310, ugali samaki (6,000) 250, chipsi kuku (6,000) 180, makande (2,000) 130, ndizi nyama (4,500) 110, ugali kuku wa kienyeji (10,000) 70. Ndizi napika kisufuria kimoja tu kila siku maana haziendi. Manunuzi yote yapo kwenye daftari, nimekupigia picha. Nataka nitoe ndizi na kuku wa kienyeji nikazanie wali maharage maana ndo unaouza. Niko sahihi?

Jibu:

Marahaba dada. Hapana, usitoe ndizi, na kuku wa kienyeji pia usimguse kwanza. Na wali maharage ndo usiukazanie kabisa, uache uendelee kwenda wenyewe. Nimekaa na daftari lako nikapiga hesabu, ntakuonyesha moja moja ili mwezi ujao uweze kuifanya mwenyewe bila mtu.

Chakula kinahukumiwa kwa vitu viwili kwa pamoja, kinaliwa na wangapi na kinakuachia shilingi ngapi. Wewe umeangalia cha kwanza peke yake. Hii njia ya kuvipanga vyakula kwa vitu viwili ilitengenezwa na Michael Kasavana na Donald Smith wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, mwaka 1982, na mpaka leo wenye mahoteli makubwa wanaitumia, lakini haihitaji kompyuta, daftari na simu yenye kikokotoo vinatosha.

Tuanze na shilingi. Chukua bei ya sahani toa gharama ya vitu vilivyoingia kwenye hiyo sahani, kinachobaki ndo naita baki. Mfano ugali samaki: samaki wako wa Kyela wanakuja wastani wa 2,800 mmoja, unga 300, mboga na kachumbari 300, mafuta 200, jumla 3,600, unauza 6,000, baki 2,400. Chipsi kuku: robo ya kuku 2,100, viazi 600, mafuta 800, kachumbari na tomato 300, vifungashio 300, jumla 4,100, baki 1,900. Hapo kwenye viazi angalia, usipige hesabu ya kiazi kwa uzito wa gunia, maganda na vile vilivyooza vinaondoka na hela yako, pima vikiwa vimeshamenywa ndo ujue kilo iliyoingia kwenye karai imekugharimu ngapi.

Kwa vyakula vyote nane imekuja hivi:

Wali maharage, gharama 1,100, baki 900
Wali nyama, gharama 2,000, baki 1,500
Chipsi mayai, gharama 1,900, baki 1,100
Ugali samaki, gharama 3,600, baki 2,400
Chipsi kuku, gharama 4,100, baki 1,900
Makande, gharama 1,000, baki 1,000
Ndizi nyama, gharama 2,100, baki 2,400
Ugali kuku wa kienyeji, gharama 6,800, baki 3,200

Ukizidisha kila baki kwa sahani zilizouzwa alafu ukajumlisha zote unapata 3,014,000 kwa mwezi. Hiyo bado sio faida, humo humo ndo inatoka kodi ya pango, mishahara, mkaa, LUKU na maji, kwaiyo sishangai kwamba huioni. Gawa kwa sahani 2,000 unapata 1,507, huo ndo wastani wa baki ya sahani moja kwenye mgahawa wako. Chakula kilicho juu ya hapo kinakubeba, kilicho chini kinajazia tu.

Upande wa kuuza, kama vyakula nane vingeuzwa sawa kwa sawa kila kimoja kingetoka sahani 250. Hakuna mgahawa vinauzwa sawa, kwaiyo wale mabwana wawili walisema chakula kikifikisha asilimia 70 ya mgao wake kihesabiwe kwamba kinapendwa. Asilimia 70 ya 250 ni 175. Juu ya 175 kinapendwa, chini yake hakipendwi sana.

Sasa weka vyote kwenye makundi manne. Vinavyopendwa na vyenye baki kubwa ni nyota, kwako ni ugali samaki na chipsi kuku. Vinavyopendwa ila baki ndogo ni maksai, vinafanya kazi kubwa kwa malipo kidogo, hapo kuna wali maharage, chipsi mayai na wali nyama. Vyenye baki kubwa ila haviendi ni fumbo, ndo hizo ndizi nyama na kuku wa kienyeji. Visivyoenda na visivyobakiza kitu ni mbwa, na hapo umebaki na makande peke yake.

Umeona sasa, vyakula viwili unavyotaka kuvitoa ndo vyenye baki kubwa karibu kuliko vyote, na unachotaka kukikazania ndo chenye baki ndogo kuliko vyote. Wali maharage ni sahani 520, zaidi ya robo ya sahani zako zote, umeleta 468,000. Ugali samaki ni sahani 250 tu, chini ya nusu ya hizo, umeleta 600,000. Yaani dada wa huduma anatembea mara mbili, sahani zinaoshwa mara mbili, meza inakaliwa mara mbili, na bado hela iko kwa samaki.

Najua pia kuna watu watakwambia angalia asilimia, gharama isizidi kiasi fulani cha bei. Kwa asilimia kuku wa kienyeji anaonekana mbaya sana maana gharama ni 68 kwa 100, na makande yanaonekana mazuri maana ni 50 kwa 100. Lakini mwenye nyumba halipwi kwa asilimia. Sahani ya kienyeji inakuachia 3,200 mkononi, ya makande 1,000. Asilimia itumie kushtukia kama jikoni kuna upotevu, kwenye kuchagua chakula angalia shilingi.

Ndizi nyama nataka nikae nayo kidogo maana hapa ndo watu wengi wanakosea. Sahani 110 kwa siku 26 ni kama sahani nne kwa siku, siku nyingine tano. Alafu wewe mwenyewe umeandika unapika kisufuria kimoja. Hicho kisufuria kinatoa sahani ngapi? Nikiangalia manunuzi ya ndizi na nyama kwenye daftari ni sahani nne tano, haizidi hapo. Na sijaona mahali popote umeandika ndizi zimebaki, wakati makande yaliyobaki umeyaandika siku kadhaa. Kwaiyo huwezi kusema ndizi haziendi, ndizi zinaisha! Ulichohesabu ni ukubwa wa sufuria, haukuhesabu watu wanaozitaka. Mteja anayekuja saa saba na nusu anaambiwa ndizi zimeisha, anachukua chipsi mayai, na daftari linaandika kwamba anapenda chipsi mayai.

Kuanzia kesho, pembeni ya kila chakula andika saa kilipoisha. Ni kitu kidogo ila bila hicho hesabu yote ya kupendwa inakudanganya. Chakula kilichoisha saa sita na nusu na chakula kilichobaki mpaka jioni vinaweza kuwa na idadi ile ile ya sahani lakini havifanani hata kidogo.

Alafu jaribu wiki mbili kupika ndizi za sahani nane. Ndizi za Tukuyu hapo sokoni kwako zipo mwaka mzima, na mkungu hauozi kwa siku moja, zilizobaki hujamenya unapika kesho, kwaiyo hasara ya kujaribu ni ndogo. Sahani nane kwa siku 26 ni 208, zikiisha zote ndizi zimeshavuka 175 na zimekuwa nyota. Ila usihesabu kwamba kila sahani ya ndizi ni 2,400 mpya, kwa sababu huyo mtu angekula kitu kingine kwako. Akihama kutoka chipsi mayai umeongeza 1,300, akihama kutoka wali maharage umeongeza 1,500, akihama kutoka ugali samaki hujaongeza kitu maana baki ni zile zile 2,400. Kwaiyo unachoangalia ndani ya hizo wiki mbili ni nini kimepungua. Samaki wakipungua sawa sawa na ndizi zilivyoongezeka, umehamisha tu wateja.

Namna ya kuzitangaza sasa. Kwako hakuna menyu ya kuchapwa, na hata ubao watu hawausomi, mtu anakaa anauliza "leo kuna nini?" na dada wa huduma anataja. Menyu yako ni mdomo wa huyo dada. Ntaweka dau anaanza "wali maharage, wali nyama, chipsi mayai…" na akifika ndizi mteja keshasema "niletee wali". Mwambie aanze na samaki na ndizi, tena aseme vizuri, "kuna ndizi nyama za Tukuyu za moto, kuna ugali samaki wa Kyela", alafu wali utaje mwisho. Anayetaka wali maharage atauomba hata usipotajwa, hawezi kuusahau. Kubadilisha huu mpangilio hakukugharimu hata mia, na mimi ningefanya hili kabla ya kitu kingine chochote.

Kuku wa kienyeji ni fumbo la aina nyingine. Baki ni nzuri ila sahani moja ikibaki ikaharibika umepoteza 6,800, na hiyo inakula baki ya sahani mbili nzima ulizouza. Pia anakaa jikoni muda mrefu. Kwaiyo huyu usimpike kwa wingi ukisubiri watu, mfanye wa oda, wateja wako wa maofisini na wenye maduka wapigie au watumie meseji kabla ya saa nne asubuhi, unapika waliopo na sahani moja mbili za ziada basi. Sahani 70 zikibaki 70 bila hasara sawa tu, usimlazimishe afike 175.

Wali nyama nimeuweka kwa maksai kwa sababu uko chini ya wastani kwa shilingi saba. Shilingi saba! Huo mstari usiuchukulie kama ukuta, bei ya nyama ikishuka kidogo unaruka upande wa pili. Na ndo unaoleta hela nyingi kuliko chakula chochote kwako, 645,000. Usipandishe bei yake, usipunguze kipande, uache kama ulivyo. Hivyo hivyo chipsi kuku kwa juu, 180 dhidi ya 175, wiki moja ikiwa mbaya anashuka, kwaiyo usijisifie naye sana.

Kwenye huo wali kuna kitu kingine nimekiona. Umenunua kilo 190 za mchele kwa mwezi, na sahani za wali ulizouza ukijumlisha maharage na nyama ni 950. Maana yake kilo moja inatoa sahani tano. Ni kidogo. Kilo moja ya mchele ikiiva inafika kilo mbili na nusu mpaka karibu tatu, kwa hiyo kila mteja angekuwa anakula zaidi ya nusu kilo ya wali, na sahani zako nimezila, haziko hivyo. Wa kwanza kulaumiwa huwa ni mpakuaji, ila kabla hujamgombeza mtu jiulize wafanyakazi wanakula nini. Watu watano kwa siku 26 ni sahani 130 ambazo hazimo kwenye mauzo. Wakila wali kila siku, sahani za kweli ni 1,080 na kilo inatoa karibu sahani sita, ambayo ni sawa kabisa kwa mgahawa wa kwetu huku watu wanaposhiba. Kwaiyo chakula cha wafanyakazi kiandike pembeni kwenye ukurasa wake, ni sehemu ya mshahara, usikibebeshe wali maharage. Ukikitoa humo, gharama ya mchele kwa sahani inashuka kutoka 560 mpaka kama 490, na wali nyama wenyewe unavuka wastani, hata baada ya wastani wenyewe kupanda, ukawa nyota bila kufanya chochote. Kama wafanyakazi hawali wali basi hapo ndo tafuta bakuli la kupimia, upakuaji uwe mmoja, na ukague ukoko unaotupwa.

Kuhusu kupandisha wali maharage kwenda 2,500, hesabu inaruhusu: baki ingekuwa 1,400, na ungehitaji sahani 335 tu kupata zile zile 468,000, yaani hata ukipoteza wateja 185 hujapungukiwa. Lakini mimi nisingefanya hivyo Mwanjelwa, kwa sababu huyo mteja akiondoka anaondoka na soda yake na rafiki zake wanaokula samaki, na hao hawamo kwenye hesabu ya wali. Afadhali muongezee kitu pembeni, mfano nusu parachichi kwa 500, linalokugharimu kama 150. Robo ya watu wa wali maharage wakichukua ni sahani 130 mara 350, yaani 45,500 kwa mwezi, na bei ya wali haijaguswa.

Makande sasa. Ile baki ya 1,000 haijahesabu mkaa, na makande ndo yanakula mkaa kuliko vyote. Mbeya tuko kwenye mita kama 1,700 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwaiyo mahindi na maharage makavu yanakaa jikoni muda mrefu kuliko ya mtu wa Dar. Kama sufuria la sahani tano linakula mkaa wa 2,000 kwa siku, ni 400 kwa sahani, baki imebaki 600. Hata hivyo usiyatoe kwa siku moja. Chunguza kwanza nani anayala, kama ni mtu anakuja na wenzake watatu wanaokula samaki, hayo makande ndo yanawaleta. Kama ni watu wa peke yao, pika siku moja kwa wiki, sema Ijumaa, uloweke tangu usiku, na siku nyingine angalia wale watano wanaenda wapi. Wakihamia wali maharage umepata, maana maharage ulikuwa unachemsha hata hivyo.

Tahadhari mbili kabla hujaendelea. Wastani siku zote una watu chini yake, kwaiyo ukitoa makande leo na ukarudia hesabu, mstari wa kupendwa unapanda mpaka 187 na chipsi kuku yenye 180 inashuka kutoka nyota kwenda fumbo, alafu kingine, ukiendelea kukata utabaki na vyakula vitatu na meza tupu. Toa au badilisha kimoja kwa wakati. Na usichanganye vya asubuhi humu, chai, chapati, supu vina hesabu yake, soda nazo zina yake, ukivitia pamoja wastani unashuka na vyakula vya mchana vitaonekana vina baki kubwa kuliko ilivyo kweli.

Na hesabu ya samaki irudie kila bei inapobadilika, usisubiri mwisho wa mwezi. Ziwa likichafuka kwa upepo samaki anapanda, akifika 4,000 baki yako inashuka mpaka 1,200 na nyota wako kaingia kwa maksai, hata baada ya wastani wenyewe kushuka, wakati dada bado anamtaja wa kwanza. Siku hizo mwambie aanze na ndizi.